Shajara ya mradi: nakala kamili, nyongeza na za tofauti kwa kutumia tar

Jumamosi, 4 Januari 2025: mahali pa kuanzia

Folda ninayoilinda inaitwa `kazi`, nayo ina ukubwa wa gigabaiti 160. Sehemu kubwa ni picha na nyaraka zilizoskaniwa, ambazo tayari zimebanwa, kwa hiyo kuzibana tena hakupunguzi chochote cha maana. Ndani yake pia kuna faili moja la kanzidata lenye gigabaiti 1.2, linaloguswa kila siku. Kwa wastani mafaili mengine mapya au yaliyohaririwa hufikia gigabaiti 1.8 kwa siku, yaani kila siku kuna gigabaiti 3 za vitu vilivyobadilika, ukihesabu na ile kanzidata.

Hadi leo nilikuwa nikinakili folda nzima kila usiku kwenye diski ya nje ya gigabaiti 500, ambayo baada ya kufomatiwa inabakiwa na takribani 475. Nakala mbili zilitosha, ya tatu haikuingia, na kila moja ilichukua zaidi ya saa nzima. Nimeacha nakala moja ya zamani hadi mfumo mpya utakapothibitishwa.

Chombo nilichochagua ni GNU tar, kwa sababu inaweza kutengeneza aina zote tatu za nakala kwa amri ileile: kamili, nyongeza inayochukua yaliyobadilika tangu nakala iliyotangulia, na ya tofauti inayochukua yaliyobadilika tangu nakala kamili. Siri iko kwenye faili dogo ambalo nitaliita daftari. Humo tar huandika wakati nakala ilipofanywa, pamoja na orodha ya folda na mafaili yaliyokuwamo. Daftari lisipokuwapo, tar huchukua kila kitu, na hiyo ndiyo nakala kamili. Likiwapo, tar huchukua yale tu yaliyobadilika tangu lilipoandikwa.

```
tar --create --listed-incremental=kamili.snar \
    --file=/mnt/nakala/kamili.tar -C /srv kazi
```

Nakala kamili ya kwanza ilianza saa tano usiku na ikakamilika baada ya saa moja na dakika kumi.

Jumamosi, 11 Januari 2025: juma la nakala nyongeza, na jaribio lililonidanganya

Kuanzia Jumapili hadi Ijumaa nilifanya nakala nyongeza. Nilinakili `kamili.snar` mara moja kuwa `daftari.snar`, kisha kila usiku nikampa tar daftari hilohilo, naye akalisasisha kila alipomaliza. Kwa hiyo nakala ya Jumatatu ilipimwa kuanzia Jumapili, ya Jumanne kuanzia Jumatatu, na kuendelea hivyo. Kila moja ilikuwa na takribani gigabaiti 3, na juma zima likatumia 160 na 18, yaani 178. Saba kamili zingetumia 1,120.

Inafaa kuangalia kwa makini ile kanzidata, kwa sababu tar haioni ndani ya faili. Mstari mmoja ukibadilika, gigabaiti 1.2 zote huingia kwenye nakala ya usiku huo. Isitoshe, faili linaloandikwa wakati linasomwa hutoka likiwa nusu hivi nusu vile, na tar hutoa onyo la `file changed as we read it`. Tangu Jumatatu skripti yangu huitoa kanzidata kwanza kwa amri yake yenyewe kwenda kwenye faili la pembeni, na tar hulichukua hilo la pembeni.

Leo asubuhi nilijaribu kurejesha. Nilifungua nakala kamili kwenye folda tupu, kisha zile sita kwa mpangilio wa tarehe, na kwa mtazamo wa haraka kila kitu kilikuwapo. Tatizo ni kwamba kulikuwa na zaidi ya kila kitu. Folda ya rasimu niliyoifuta Jumanne, yenye mafaili 2,300, ilikuwa imefufuka, na mafaili niliyoyahamisha Alhamisi yalionekana mara mbili, mahali pa zamani na mahali papya.

Kosa lilikuwa langu. Nakala nyongeza hubeba mafaili yaliyobadilika pamoja na orodha ya yaliyomo katika kila folda usiku huo, na ni orodha hiyo inayomjulisha tar kwamba kitu fulani hakipo tena. Nilipofungua kwa `--extract` peke yake, orodha hizo hazikutumika. Wakati wa kurejesha lazima kutajwa tena ile chaguo ya daftari, ila sasa daftari lenyewe halihitajiki, kwa hiyo hupewa `/dev/null`:

```
tar --extract --listed-incremental=/dev/null \
    --file=/mnt/nakala/nyongeza-0105.tar -C /rejesha
```

Mara ya pili orodha ya mafaili ililingana na ile niliyoiandika Ijumaa usiku kwa `find`. Hata hivyo chaguo hiyo ni kisu chenye makali: hufuta ndani ya folda inayorejeshwa chochote ambacho hakimo katika orodha ya nakala. Anayeifungulia juu ya folda ya kazi inayotumika atapoteza kila alichokiandika baada ya nakala hiyo. Mimi hurejesha kwenye folda tupu kila mara, hata ninapotaka faili moja tu.

Gharama ya siku: saa mbili na nusu kwa majaribio mawili. Baada ya hapo niliifuta ile nakala ya mtindo wa zamani, na usiku huu naanza juma la pili kwa nakala kamili mpya.

Alhamisi, 16 Januari 2025: pingili iliyokatika

Nilipokuwa nikitazama diski ya nje niliona nakala za tarehe 12, 14 na 15. Ya tarehe 13 haikuwapo.

Skripti yangu ya wakati huo ilitengeneza nakala kwenye diski ya ndani, ikainakili kwenye diski ya nje, kisha ikafuta ile ya ndani. Jumatatu usiku diski ya nje haikuwa imeunganishwa, kwa hiyo kunakili kulishindikana, lakini mstari wa kufuta haukusubiri jibu la mstari uliotangulia. Nakala ikapotea, na hilo lingekuwa jambo dogo kama si daftari. Tar alikuwa amemaliza kazi yake vizuri na kuandika ndani ya daftari kwamba mabadiliko ya Jumatatu yameshachukuliwa. Jumanne hakuyagusa tena.

Nilitaka kuona madhara yake, kwa hiyo nikarejesha nakala kamili, kisha 12, 14 na 15. Tar hakulalamika hata kidogo. Alitoka na msimbo wa 0, kama mtu aliyefanikiwa, ilhali mafaili 412 hayakuwapo: yote yalikuwa yameundwa Jumatatu na hayakuguswa baadaye. Orodha ya Jumanne iliyataja kama mafaili yaliyopo lakini yasiyohitaji kuchukuliwa, na tar hachunguzi kama kweli yapo kwenye folda inayorejeshwa. Ukubwa wa nakala haukuweza kunionya, kwa kuwa ya Jumanne ilikuwa na gigabaiti zake 3 kama kawaida. Kilichonionya ni tarehe kwenye majina, na hapo nilibahatika kutazama.

Mafaili yenyewe yalikuwa bado mazima kwenye seva, kwa hiyo pengo liliweza kuzibwa. Sikuhitaji nakala kamili mpya. Nilichukua `kamili.snar` ya tarehe 11, ambayo sikuwa nimeigusa, nikaitumia kama kianzio cha nakala ya usiku huu. Tar akachukua kila kilichobadilika tangu Jumamosi, pamoja na mabadiliko ya Jumatatu, na nakala ikawa na gigabaiti 10.2. Bila kukusudia nilikuwa nimetengeneza nakala yangu ya kwanza ya tofauti.

Skripti sasa inafanya kazi juu ya nakala ya daftari, na daftari halisi halibadilishwi hadi tar amalize salama kwenye diski ya nje yenyewe:

```
mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1
cp daftari.snar daftari.mpya
tar --create --listed-incremental=daftari.mpya \
    --file=/mnt/nakala/nyongeza-$(date +%m%d).tar \
    -C /srv kazi && mv daftari.mpya daftari.snar
```

Lile onyo la faili kubadilika wakati linasomwa humfanya tar atoke na msimbo wa 1, na hapo daftari halitasogea. Naona hilo ni sawa. Usiku unaofuata mabadiliko yaleyale yatachukuliwa mara ya pili, na kurudia gigabaiti 3 ni nafuu kuliko kuziruka.

Jumamosi, 18 Januari 2025: kuhamia nakala za tofauti

Tukio la Jumatatu lilinifanya nijaribu juma zima kwa nakala za tofauti. Tofauti kati ya aina hizi mbili katika skripti ni mstari mmoja tu: badala ya daftari linalosogea kila usiku, kila usiku natoa nakala mpya ya `kamili.snar`, naitumia, kisha naitupa. Kianzio kinabaki Jumamosi daima.

```
cp kamili.snar leo.snar
tar --create --listed-incremental=leo.snar \
    --file=/mnt/nakala/tofauti-$(date +%m%d).tar -C /srv kazi
rm leo.snar
```

Kabla ya kuanza nilihitaji nafasi, kwa hiyo nilihakikisha kwamba juma la pili linarejesheka, kisha nikalifuta la kwanza lote kwa pamoja. Nakala nyongeza hazipunguzwi kwa kuchagua. Ukiondoa moja ya katikati, zote zinazoifuata zinabaki na tundu kama lile la Jumatatu. Za tofauti zinaweza kufutwa yoyote isipokuwa ile kamili iliyo chini yake, na hasara yake ni kwamba huwezi tena kurudi siku hiyo.

Makadirio yangu ya juma ni haya. Jumapili nakala itakuwa na gigabaiti 3, Jumatatu 4.8, Jumanne 6.6, na hivyo hadi 12 siku ya Ijumaa. Jumla ya sita ni 45, dhidi ya 18 za nyongeza. Msomaji makini ataona kwamba hesabu haipandi kwa 3 kila siku bali kwa 1.8. Kanzidata hubadilika kila siku, lakini ndani ya nakala moja ya tofauti huingia mara moja tu, kama ilivyo usiku huo. Ukuaji wa nakala za tofauti hufuata idadi ya mafaili mbalimbali yaliyoguswa tangu nakala kamili, si idadi ya mara yalizoguswa. Kama kazi yangu ingekuwa kuhariri mafaili yaleyale kumi kila siku, nakala ya Ijumaa ingekaribia kulingana na ya Jumapili, na hoja ya kwamba za tofauti hula nafasi isingekuwa na uzito kwangu.

Kwa sababu hiyohiyo, kurejesha siku ya Ijumaa kunasoma 160 na 12 badala ya 160 na 18, kwa hatua mbili badala ya saba. Muda unaookolewa ni dakika chache tu, kwa kuwa nakala kamili ndiyo inayokula saa. Faida halisi ni kwamba kuna mafaili mawili tu yanayopaswa kuwa mazima.

Jumatano, 22 Januari 2025: chown

Usiku huu nakala ilikatika kwa hitilafu ya `No space left on device`. Jumanne ilikuwa na gigabaiti 6.6 kama nilivyokadiria, na leo tar alijaribu kuandika karibu 150.

Asubuhi nilikuwa nimebadilisha mmiliki wa folda ya picha kwa `chown -R`, amri iliyochukua sekunde chache na ambayo haikugusa hata baiti moja ya picha yenyewe. Nilifungua taarifa za picha mojawapo kwa `stat`, na jibu likawa pale:

```
Modify: 2023-06-14 10:22:41
Change: 2025-01-22 09:05:17
```

Tar anapofanya kazi na daftari hutazama nyakati zote mbili. Wakati wa kwanza husogea yaliyomo yanapobadilika, wa pili husogea hata mmiliki au ruhusa zikibadilika, na mmoja wao ukiwa mpya kuliko daftari, faili zima huchukuliwa. Ana sababu, kwa kuwa mmiliki naye ni sehemu ya kinachopaswa kurejeshwa, lakini hana njia ya kuchukua taarifa hiyo bila kubeba faili lote.

Hapa ndipo nakala za tofauti zinapoonyesha upande wake mbaya. Kwa nyongeza ningelipa zile gigabaiti 150 usiku mmoja, na Alhamisi tungerudi kwenye 3. Kwa tofauti, kianzio kiko kabla ya `chown`, kwa hiyo ningezilipa leo, kesho na keshokutwa, hadi nakala kamili nyingine.

Njia pekee ya busara ilikuwa kufanya nakala kamili mapema, lakini nafasi haikuwapo. Diski ilikuwa na juma la pili lenye takribani 180, kamili ya tarehe 18 yenye 160, na za tofauti tatu zenye 14.4. Nilifuta kile kipande kilichokatika, nikarejesha ya tarehe 18 pamoja na ya Jumanne kwenye folda tupu ili kujiridhisha, ndipo nikafuta juma la pili na kuanza upya saa saba usiku. Nimepoteza uwezo wa kurudi kwenye juma lililopita. Nimejifunza pia kwamba hesabu ya nafasi haiishii kwenye mzunguko mmoja: kamili mpya lazima ikamilike ya zamani ikiwa bado ipo, na hizo ni gigabaiti 160 za ziada zinazopaswa kuwa tupu siku zote.

Kuanzia sasa `chown` na `chmod` za folda nzima zitasubiri saa chache kabla ya nakala kamili.

Jumamosi, 1 Februari 2025: mpango wa mchanganyiko

Nakala kamili kila juma ni nyingi mno kwa mafaili ambayo mengi hayaguswi kamwe. Mpango mpya una ngazi tatu: kamili siku ya kwanza ya mwezi, ya tofauti kila Jumamosi, na nyongeza usiku wa siku nyingine, ya kwanza ikipimwa kuanzia ile ya Jumamosi. Kinachobadilika ni kwamba daftari la Jumamosi sasa halitupwi. Linakuwa `daftari.snar` la juma linalofuata.

Kwa mwezi huu nakadiria kamili 160, za tofauti tatu zenye 13.8, 26.4 na 39, na nyongeza 24 zenye 72, jumla 311. Ukiongeza ile 160 ya kamili ijayo unapata 471 kwenye diski ya 475, kiasi ambacho sikikubali. Ila ya tofauti ya kila Jumamosi inachukua nafasi ya nyongeza zilizoitangulia, kwa hiyo nyongeza zitafutwa zikitimiza majuma mawili, na kilele kitashuka hadi takribani 435.

Alhamisi, 13 Februari 2025: jaribio la ngazi tatu

Kurejesha hali ya jana kulihitaji mafaili sita: kamili ya tarehe 1, ya tofauti ya tarehe 8, na nyongeza za tarehe 9 hadi 12. Niliandika kitanzi kilichofungua `kamili.tar`, kisha `tofauti-0208.tar`, kisha `nyongeza-02*.tar`. Kilimalizika bila hitilafu, na orodha ikaonyesha kwamba mafaili mapya ya Jumamosi tarehe 8 hayapo, na ya siku hiyo tu.

Ilinichukua muda kuelewa. Ile nyota ilikusanya pia nyongeza za tarehe 2 hadi 7, ambazo muda wake wa kufutwa bado haujafika. Zilifunguliwa baada ya ile ya tofauti, na orodha zake zikafuta kila kilichozaliwa baada yake, kisha zikajenga upya juma lile siku kwa siku hadi Ijumaa. Ya tarehe 9 ilipofika iliyakuta mafaili ya Jumamosi yametajwa kwenye orodha yake kama yaliyopo, haikuyabeba, na haikusema neno.

Sasa jina la kila nyongeza linabeba kianzio chake, mfano `nyongeza-0208-0209.tar`, na kitanzi kinachukua zenye kianzio kimoja tu:

```
cd /mnt/nakala
for f in kamili.tar tofauti-0208.tar nyongeza-0208-*.tar; do
  tar --extract --listed-incremental=/dev/null \
      --file=/mnt/nakala/$f -C /rejesha || break
done
```

Jaribio la pili lilichukua saa moja na dakika ishirini, ambapo zaidi ya saa moja ilikuwa ya nakala kamili peke yake. Orodha ya mafaili ililingana na ya jana usiku. Ingizo lijalo ni la tarehe 1 Machi, kamili mpya itakapoandikwa pembeni ya hii. Kabla yake nitafanya ile `chown` ya folda ya nyaraka ambayo imekuwa ikisubiri.